Mbao za Juu ya Stoo

Saa nne kasorobo asubuhi, Jumamosi, fundi Simeo alitoboa tundu la kwanza kwenye bati la nyumba ya Mzee Mhina, Kwamndolwa. Alitoboa kwenye mgongo wa bati, si bondeni, kwa sababu maji ya mvua hupita bondeni. Chini, mpangaji wa nyumba hiyo, Richard, alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili huku akihesabu matundu kwa sauti.

"Manne tu, fundi. Nilimwambia mzee manne."

"Manne ndiyo nitakayotoboa. Usinihesabie kama karani wa shamba."

Ruhusa ya matundu hayo ilichukua wiki tatu. Mzee Mhina hakuwa mtu mgumu, ila nyumba aliijenga mwenyewe, na kila alichokijenga alikijua. Alikaa chumba cha uani pamoja na binti yake, Tatu, na nyumba kubwa aliipangisha. Mpangaji aliyetangulia, Loveness, alipigilia msumari mmoja juu ya dirisha ili afunge kamba ya nguo. Mvua ya kwanza ilipoingia pale, tofali za udongo zililowa hadi chini, na Loveness akaambiwa atafute kwingine. Richard alihadithiwa kisa hicho siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo.

Kwa hiyo alipokwenda kuomba, alikwenda amejiandaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unataka kunipandishia ungo juu ya nyumba."

"Dishi, mzee. Antena ya kawaida picha inagandaganda, milima inazuia."

"Ukutani hapafai?"

"Ukuta ni wa udongo, bolti hazitashika. Halafu dishi linatakiwa kuangalia magharibi, kaskazini kidogo, na upande huo kuna mfenesi wa jirani. Nikisimamisha mlingoti hapa uani, mfenesi unaziba. Juu ya bati tu ndiyo tunaupita."

Mzee Mhina alitoka, akasimama uani, akautazama mfenesi, kisha paa. Akarudi kukaa.

"Wewe mwenyewe unakwenda kazini. Nani ataangalia?"

"Mke wangu, mzee. Daktari amemkataza kutembea."

Hapo ndipo palipokuwa na uzito wote wa jambo hili. Grasiana alikuwa na mimba ya miezi saba. Ile ya kwanza ilitoka wakati wako njiani, kwa sababu walikuwa wakikaa kwenye kambi ya zamani ya wafanyakazi wa katani, na gari lilichelewa. Safari hii daktari alisema wakae mahali ambapo mtu anaweza kufika hospitali kwa miguu. Nyumba ya Mzee Mhina ilikuwa mahali hapo. Richard alikuwa ameitafuta kwa miezi, na hakuwa na nyingine.

"Alama yoyote nitakayoiacha, mzee, nitairekebisha. Tundu, ufa, kutu, chochote."

"Utairekebisha lini? Watu wakihama wanasema watarudi kurekebisha."

"Papo hapo ukiniambia."

"Na usipoweza?"

"Nitakukabidhi ufunguo."

Richard alilisema neno hilo ili aaminiwe. Mzee Mhina alilichukua kama lilivyosemwa. Alimwita Tatu aje asikie, akamtaka Richard ayaseme yote upya mbele yake, akalifikiria kwa wiki tatu, kisha akaruhusu. Ijumaa, siku moja kabla ya fundi kuja, alisafiri kwenda Kwedizinga kupanda mahindi.

Tatizo lilijitokeza baada ya tundu la nne. Simeo alizitikisa papi, zile mbao nyembamba ambazo mabati hupigiliwa juu yake, akatikisa kichwa.

"Hizi zimechoka. Nikifunga dishi hapa, upepo wa kwanza litahama. Na dishi likihama kidogo tu, upana wa kidole, mawimbi yamepotea. Nahitaji ubao kwa ndani, ushike kenchi hii na hii, bolti zipite mpaka kwenye ubao. Una ubao?"

Sehemu ile ya paa ilikuwa juu ya stoo, na stoo haikuwa na silingibodi. Richard aliingia na tochi. Juu, zikiwa zimelazwa kwenye mihimili, aliona mbao zimefungwa kwa kamba ya katani. Zilikuwa fupi, kila mmoja kama mkono na nusu, pana shubiri moja, nene vidole viwili. Zilikuwa na vumbi na utando wa buibui. Aliugonga mmoja kwa kucha. Ulikuwa mvule, mkavu kabisa.

Kambini alikokulia, ubao uliolala darini ulikuwa wa kampuni, na cha kampuni kilikuwa cha aliyekiona kwanza. Richard hakuwaza zaidi ya hapo. Aliikata kamba kwa kisu, akaita, "Fundi! Mungu yupo, masalio ya ujenzi haya hapa."

Simeo aliingia, akapima kwa macho, akafurahi. Urefu ulitosha kutoka kenchi hadi kenchi, zile mbao nene zinazobeba paa, bila kukata. Ubao mmoja alioutoboa matundu manne na kuupigilia misumari ncha zote mbili haukumtosheleza kwa unene, kwa hiyo alichukua wa pili, akaukata vipande vitatu, akavipigilia nyuma ya ule wa kwanza. Kipande cha katikati kilipasuka. Alikitupa, akafunga vilivyobaki. Juu, aliweka mpira chini ya kila bolti, akazungushia silikoni. Ilikuwa kazi safi. Kisha alifunga dishi, akaunganisha kipima mawimbi, akaanza kulisogeza taratibu.

"Nikisema simama, mwambie mama watoto awashe."

"Mtoto bado hajafika, fundi."

"Atakuta picha tayari. Simama! Washa."

Saa saba mchana king'amuzi kilionyesha picha. Grasiana alikuwa kitandani, mlango wa chumba ukiwa wazi ili aone sebuleni, akapiga makofi. Tatu aliingia kutoka uani akiwa na bakuli la kisamvu, akasimama kutazama taarifa ya habari.

"Jamani, inang'aa hivi! Hata baba ataacha kununa. Hamkubomoa, lakini?"

"Matundu manne, dada Tatu, kama nilivyoahidi," Richard alisema. "Na ubao hatukununua. Tulikuta masalio pale juu ya stoo."

"Masalio gani?"

"Yale mafupi ya mvule. Yaliyofungwa kamba."

Tatu aliliweka bakuli juu ya meza. Aliliweka vibaya, likaegemea ukingo, Simeo akaliwahi.

"Mmezifanya nini?"

"Mbili tu tumetumia."

"Richard. Zile ni mbao za baba."

"Najua ni za mzee, tutamlipa..."

"Za baba kuzikiwa."

Televisheni iliendelea kusoma bei za mazao. Simeo alikuwa wa kwanza kufungua kinywa.

"Mimi ni wa Lutindi, dada. Kwetu watu huzikwa na sanduku. Sikujua."

Richard hakuweza kusema hivyo. Kambini, Waislamu na Wakristo walizikana. Alikwisha kusimama kwenye kingo za makaburi zaidi ya mara moja na kupokezana mbao kama zile, fupi, pana, zikipelekwa chini mmoja mmoja zifunike mwanandani, ule mfereji anaolazwa maiti, ili udongo usimguse. Makaburini alizijua. Darini hakuzijua.

"Sanda iko kwangu, sandukuni," Tatu alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mbao ziko kwenu. Alipozikwa mama kule Kwedizinga, mbao zilipungua. Kulikuwa na mvua, barabara imekatika, duka liko mbali. Wakang'oa mlango wa banda la mbuzi. Baba aliushika ule mlango kwa mikono yake. Aliporudi akaangusha mvule wake, akapasua, akajipimia. Kila mwaka anapanda kuzihesabu."

Grasiana alikuwa ameinuka kitandani na kukaa. Hakuna aliyemwambia alale.

"Mzee anarudi lini?" aliuliza.

"Kesho."

Simeo na Richard walianza kushusha dishi mara moja. Ilipofika saa nane na nusu lilikuwa chini, na ubao wenye matundu manne ulikuwa umeng'olewa misumari. Ule wa pili haukuwa ubao tena. Simeo alivipanga vipande vyake sakafuni, kile kilichopasuka kikiwa kati, akavitazama, akavisogeza, akaacha.

"Nitakwenda mjini kwenye duka la mbao," Richard alisema. "Nitapata mvule, au mninga. Nikate kipimo kilekile, nirudishe, kesho akija nimweleze."

Alikuwa ameshika kitasa cha mlango wa mbele pale Mzee Mhina alipoingia kwa mlango wa uani, begi begani, viatu vikiwa na udongo mwekundu. Mvua ilikuwa imewawahi Kwedizinga na walimaliza kupanda mapema.

"Shikamoo mzee," Richard alisema.

"Marahaba. Mbona dishi liko chini? Halikushika?"

Tatu alifungua mdomo. Richard alimwahi.

"Lilishika, mzee. Nimelishusha. Nimekata mbao zako za juu ya stoo. Sikujua ni za nini. Mmoja nimeutoboa, mmoja nimeuharibu kabisa. Nilikuwa nakwenda kununua mwingine."

Mzee Mhina alishusha begi. Hakuuliza zipi. Aliingia stoo, akakaa humo muda mrefu bila kuwasha taa. Alipotoka, alikuwa amebeba mbao mbili kifuani. Akaziweka uani, kando ya msingi wa nyumba, akarudi kuchukua nyingine. Richard alitaka kusaidia. Mzee hakumkataza wala hakumpa.

Mbao zote zilipokuwa nje, Mzee Mhina alimgeukia.

"Simama hapa."

Alisimama naye bega kwa bega, akapitisha kiganja kutoka utosini kwake hadi utosini kwa Richard. Kiganja kilipita sawasawa; urefu wao ulikuwa mmoja.

"Lala hapo. Kandokando ya msingi."

"Mzee?"

"Lala chali."

"Baba!" Tatu alisema. "Baba, unafanya nini? Watu wanaona."

Watu walikuwa wanaona kweli. Jirani mwenye mfenesi alikuwa amesimama kwenye uzio na jembe mkononi.

"Waone. Huyu ameniambia ataniachia nyumba kama alivyoikuta. Nataka aione alama aliyoiacha. Mimi nimekwisha kuiona."

Grasiana alikuwa ametoka hadi kizingitini, ameshikilia mlango. "Richard, usilale," alisema. "Tutahama. Ya nini kulala? Tutahama tu."

"Tuhamie wapi?" Richard alisema, akalala.

Msingi wa nyumba ile ulikuwa wa mawe, unafika magotini, na kichwani kwa Richard ulikuwa na kona iliyotokeza nje. Mzee Mhina alichukua ubao wa kwanza, akausimamisha mshazari, ncha moja ardhini, ncha nyingine juu ya ukingo wa msingi, juu ya miguu ya Richard. Akaweka wa pili kuubana wa kwanza. Aliweka kama zinavyowekwa, kutoka miguuni kwenda juu, bila haraka, akizibana kwa kiganja kila baada ya ubao. Mbao zilipofika kiunoni, Richard alikuwa ameacha kuona uani. Zilipofika kifuani alisikia pumzi yake mwenyewe. Kulikuwa na harufu ya mvule na vumbi. Ubao wenye matundu ulikuja juu ya shingo, na mianga minne ya duara ikaanguka kwenye shati lake.

Baada ya huo hapakuwa na ubao mwingine. Uwazi wa shubiri moja ulibaki juu ya uso.

Kutoka kwenye uwazi huo Richard aliona mbingu, kisha uso wa Mzee Mhina ukainama.

"Umeona?"

"Nimeona, mzee."

Mzee alichota udongo wa pale uani, konzi moja, akauachia. Uliingia machoni na mdomoni. Richard alipiga kichwa kwenye jiwe la msingi akijaribu kuinuka, mbao mbili zikaanguka. Grasiana alipiga kelele. Simeo alimshika Grasiana mkono asikimbie.

"Mama yao aliwekewa mlango wa mbuzi," Mzee Mhina alisema. Hakupandisha sauti. "Ulikuwa na nafasi hivi. Nilisimama nikatazama udongo ukiingia."

Richard alikuwa amekaa, anatema. "Nakwenda dukani sasa hivi. Nipe saa moja."

"Duka la mbao nalijua lilipo. Siku ya mama yao pia nililijua lilipo. Nikifa saa kumi jioni ya leo, nani atakwenda dukani? Ulisema papo hapo. Kwa kilichomo humu ndani, zibeni nafasi hiyo. Ikizibika, mnakaa. Isipozibika, ulikwisha kusema mwenyewe utafanya nini."

"Baba, mwanamke ana mimba," Tatu alisema.

"Nimemwona."

Simeo aliwaza kwa sauti: meza ilikuwa ya plastiki, mlango wa stoo ulikuwa wa bati, kabati lilikuwa la mbao za unga, likilowa linavimba. Kila alichokitaja alikikataa mwenyewe.

"Kitanda," Grasiana alisema.

"Kitanda gani?"

"Tunacholalia. Chaga zake. Fundi, si ni mninga?"

Simeo alikwenda kuangalia. Walisikika wakibeba godoro. Kitanda kile kilikuwa cha mama yake Richard, cha kizamani, na chaga zake, zile mbao zinazopita chini ya godoro, zilikuwa pana kuliko za siku hizi. Chaga moja ilikatwa katikati ikatoa vipande viwili, kila kimoja urefu wa mkono na nusu na upana wa nusu shubiri. Simeo alivilaza kando kwa kando juu ya ule ubao wa mvule. Vilikuwa vyembamba kidogo kuliko wenyewe.

"Unene una shida?" Richard aliuliza.

"Usiniulize mimi," Simeo alisema. "Muulize anayelala."

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Richard alichonga vijiti vinne kwa kisu kilekile alichokatia kamba, akavigonga kwenye matundu manne ya ubao wa bolti, akavikata vikawa sawa na uso wa ubao. Kwenye kile cha tatu kisu kiliteleza, kikamkata kidole gumba. Tatu alimfunga kitambaa bila kuambiwa.

Kisha alirudi pale kando ya msingi, akalala tena. Hakuambiwa.

Mzee Mhina alianza upya kutoka miguuni. Jirani alikuwa amevua kofia. Grasiana alikuwa amekalishwa kwenye kiti nje ya mlango, mikono miwili tumboni, na hakuondoa macho kwenye viatu vya mumewe mpaka vilipofunikwa. Kifua. Shingo. Mianga minne haikuwepo. Mzee aliweka kipande cha kwanza cha chaga, kisha cha pili.

Cha pili hakikuingia. Kilibaki kimeinuka upande mmoja, na chini yake palikuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Mzee Mhina alikitoa. Alikitazama pande zote, akakigeuza uso wa chini ukawa juu, akajaribu. Bado. Akaweka goti kwenye ubavu wa kipande cha kwanza, akasukuma kuelekea miguuni. Mbao zote zilisogea pamoja kwa mlio mmoja mkavu.

Akakiweka tena kipande cha pili cha chaga. Kiliingia.

"Unaona mwanga?" aliuliza.

Sauti ilitoka chini, nzito. "Sioni."

Mzee Mhina alichota udongo kwa mikono miwili, akaumwaga juu ya chaga, akasubiri. Akachota tena. Alipiga magoti na kuweka sikio karibu na mbao.

"Umekufikia?"

"Haujafika, mzee."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache. Mzee Mhina alifuta udongo juu ya mbao kwa kiganja, akaanza kuziondoa, mmoja mmoja, kuanzia usoni.